Setapu au holdi? Ubao wa taa unaokosea asubuhi na kupona mchana

Ubao uko mbele ya duka la dawa kule Nkuhungu, Dodoma. Una taa nyekundu, mistari 8 kwa safu 64, na maneno yanapita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Niliutengeneza mwenyewe, kwa hiyo lawama zote zinazofuata ni zangu. Mwezi wa saba, saa moja asubuhi, simu iliita. Alikuwa mama mwenye duka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huu ubao wako asubuhi una kigugumizi. Herufi nyingine zimevimba, nyingine zimekatwa. Ikifika saa sita zinanyooka zenyewe. Nikikuita mchana utasema nimeota."

Kosa linalokuja na baridi na kuondoka na jua humfanya fundi akimbilie viungo vya risasi. Nami nilianzia hapo, nikachoma upya nusu ya viungo, na kesho yake asubuhi herufi zikavimba vilevile. Nilipoutazama ubao kwa utulivu ndipo nikaona kwamba safu 32 za mwanzo hazikosei kamwe. Kosa lilianzia mpakani mwa chipu ya nne na ya tano, na lilikuwa la aina moja kila mara: safu moja imemezwa, jirani yake imejirudia. Kiungo kibovu hakikosei kwa mpangilio kama huo. Flipflopu, yaani sakiti ndogo inayoshika 1 au 0 moja, ikipokea data wakati usiofaa ndiyo hukosea hivyo.

Ndani ya flipflopu, kloki inapopanda

Ndani ya ubao kuna chipu nane za SN74HC595 zilizoungwa mkia kwa kichwa. Kila chipu ina flipflopu nane za kusogeza data. Data inaingia kwenye pini ya SER, inasogea hatua moja kila kloki inapopanda, na inatoka kwenye QH′ kwenda SER ya chipu inayofuata. Kloki, yaani SRCLK, ni waya mmoja unaopita chipu zote nane.

Flipflopu moja ya CMOS kwa kawaida ni lachi mbili zilizofuatana, ya mbele na ya nyuma. Tuangalie ya mbele tu, maana ndipo yote yanapotokea. Ina geti la kuingilia, vigeuzi viwili, na geti la kurudishia. Kigeuzi hapa ni kile cha kugeuza 1 kuwa 0 na 0 kuwa 1, siyo inveta ya sola.

Kloki ikiwa chini, geti la kuingilia liko wazi na la kurudishia limefungwa. Data inapita getini, inageuzwa na kigeuzi cha kwanza, inageuzwa tena na cha pili, kisha inasubiri mbele ya geti la kurudishia. Kloki ikipanda, mageti hubadilishana: la kuingilia linafungwa, la kurudishia linafunguka. Sasa kigeuzi cha pili kinamlisha cha kwanza, na cha kwanza kinamlisha cha pili. Wamekuwa kama majirani wawili wanaopingana milele: mmoja akisema ndiyo, mwingine anasema hapana, na kwa ubishi huo jibu linabaki limeshikwa. Lachi ya nyuma inafunguka wakati huohuo na kulitoa jibu nje.

Sasa fikiria data imebadilika kwa kuchelewa, nanosekunde chache kabla ya kloki kupanda. Imepita getini, kigeuzi cha kwanza kimeanza kubadilika, lakini cha pili bado kinatoa jibu la zamani. Hapo hapo geti la kurudishia linafunguka na kumwaga lile jibu la zamani kwenye mlango wa kigeuzi cha kwanza. Mapya na ya zamani yanagombana, na mara nyingi ya zamani yanashinda. Muda ambao data inahitaji kupita geti na vigeuzi vyote viwili kabla ya kufungiwa ndio muda wa setapu. Kwenye karatasi ya data ya SN74HC595, kwa volti 4.5 na nyuzi 25, ni nanosekunde 20. Kwa volti 2 ni nanosekunde 100, kwa sababu transista zenye umeme mdogo zinasukuma polepole.

Holdi ni shida ya upande wa pili wa ukingo, yaani mara tu baada ya kloki kupanda. Geti la kuingilia ni jozi ya transista, moja inaongozwa na kloki na nyingine na kloki iliyogeuzwa. Ile iliyogeuzwa inapita kwanza kwenye kigeuzi chake ndani ya chipu, kwa hiyo inafika ikiwa imechelewa kidogo. Katika kile kipindi kifupi geti limefungwa nusu, na data ikibadilika hapo, mpya inaweza kupenya na kufuta ile uliyotaka kuishika. Data inatakiwa kubaki imetulia mpaka geti lifungwe kabisa.

Kwa chipu hii karatasi inasema holdi ni 0. Isikuchanganye. Muda unapimwa kwenye pini, siyo getini. Data nayo ina njia yake ya kupita kutoka kwenye pini hadi getini, na njia hiyo ikiwa ndefu kama ya kloki, data iliyobadilika pamoja na ukingo inakuta mlango umeshafungwa. Mimi niliposoma 0 nikasema holdi haiwezi kunisumbua. Hilo ndilo lililonigharimu wiki mbili.

Jaribio la kwanza: punguza kasi ya kloki

Kabla ya kushika kifaa chochote, punguza kasi ya kloki mara kumi uone. Sababu iko kwenye mistari hii miwili, ambapo `T` ni muda wa mzunguko mmoja wa kloki, `t_cq` ni muda chipu inaochukua kutoa data baada ya ukingo, `t_njia` ni ucheleweshaji wa waya, `t_su` ni muda wa setapu, `t_h` ni muda wa holdi, na `t_pishano` ni kiasi ambacho kloki inachelewa kufika chipu inayopokea ikilinganishwa na inayotoa:

```
setapu:  T > t_cq + t_njia + t_su - t_pishano
holdi:   t_cq + t_njia > t_h + t_pishano
```

Mstari wa kwanza una `T`, wa pili hauna. Kosa la setapu linapona ukirefusha mzunguko, maana data inapata muda zaidi wa kufika. Kosa la holdi linahusu ukingo mmoja uleule unaofika sehemu mbili kwa nyakati tofauti. Hata ukipiga kloki moja kwa saa, mbio za ukingo huo ni zilezile.

Ubao wa Nkuhungu ulikuwa unaendeshwa kwa megahezi 1. Nikaushusha hadi kilohezi 50. Taa zikaanza kupepesa vibaya, lakini safu ilimezwa palepale, mpakani mwa chipu ya nne na ya tano. Setapu ikatoka kwenye orodha.

Ukifika hapa na programu yako inatumia SPI, njia ya kidhibiti kutuma data pamoja na kloki yake, angalia kwanza modi. Chipu hii inapokea data kloki inapopanda. Ukiwa kwenye modi 1, kidhibiti chako kinabadilisha data kloki inapopanda vilevile, na umejitengenezea mbio za holdi kwa mkono wako. Modi 0 hubadilisha data kloki inaposhuka, hivyo kuna nusu mzunguko kila upande:

```
SPI.beginTransaction(SPISettings(1000000, MSBFIRST, SPI_MODE0));
```

Lakini modi mbaya huharibu kuanzia chipu ya kwanza. Mimi nilikuwa na nne za mwanzo nzima.

Dalili: safu imemezwa, jirani imejirudia, kasi haibadilishi kitu

Hii ndiyo sura ya holdi kwenye mnyororo. Chipu ya tano inatakiwa ichukue data ya zamani ya ya nne, kabla ya nne haijabadilika. Ikichelewa kuchukua, inakuta ya nne imeshatoa mpya, inaichukua mpya. Ya zamani imepotea. Kloki inayofuata ikienda sawa, ile mpya inachukuliwa mara ya pili, kwa hiyo safu yake inajirudia. Kosa likitokea kila kloki utaona kitu kingine: chipu ya tano na zote za mbele yake zimesogea safu moja, safu ya mpakani imeonekana mara mbili, na ya mwisho kabisa imedondoka nje ya ubao. Mimi nilikuwa na aina ya kwanza, ya mara mojamoja, maana yake nilikuwa ukingoni hasa.

Swali ni kwa nini chipu ya tano inachelewa, wakati waya wa kloki ni mmoja na chipu zimeachana sentimita kumi. Umeme kwenye waya wa urefu huo unapita kwa chini ya nanosekunde moja.

Jibu nililiona kwenye oskiloskopu. Nilipoweka probu kwenye SRCLK nilitarajia ukuta, nikaona kilima. Mwaka uliotangulia friji ya dukani ilikuwa inatia kelele kwenye ubao kila ikiwaka, nami nikaweka kapasita ya nanofaradi 1 kutoka kwenye kloki kwenda ardhi, nyuma ya rezista ya ohm 100 iliyokuwepo. Kelele ikaisha, nikajipongeza. Ohm 100 mara nanofaradi 1 ni nanosekunde 100, na mpando wa kloki kutoka asilimia 10 hadi 90 ukawa nanosekunde 220. Karatasi ya data inaruhusu hadi 500 kwa volti 4.5, kwa hiyo sikuvunja sheria ya chipu moja. Nilivunja ya mnyororo.

Kila chipu ina kizingiti chake, yaani volti ambayo ikifikiwa chipu inasema kloki imepanda. Watengenezaji hawakuahidi kizingiti kamili. Kwa volti 4.5 wanaahidi tu kwamba chini ya 1.35 ni sifuri na juu ya 3.15 ni moja. Katikati hapo kila chipu ina hiari yake. Na ile ya tano ilikuwa imebadilishwa. Ya awali iliungua, nikanunua nyingine ya mtengenezaji tofauti.

Tuseme kwa umeme wa volti 5 ya nne inakata volti 2.2 na ya tano volti 2.6. Kwenye kilima cha nanosekunde 100, volti 2.2 inafikiwa baada ya nanosekunde 58 na volti 2.6 baada ya 73. Ya tano inasikia kloki nanosekunde 15 baada ya ya nne, kwenye waya uleule. Na ya nne inachukua muda gani kutoa data mpya kwenye QH′? Karatasi inataja 17 kama kawaida kwa volti 4.5, kwa volti 5 ni pungufu kidogo, 15 au 16. Kumi na tano dhidi ya kumi na tano. Data mpya na kloki zinafika mlangoni mwa chipu ya tano bega kwa bega.

Hapo ndipo asubuhi na mchana vinapoingia. CMOS ikipata joto inakuwa nzito; karatasi hiyohiyo inaipandisha setapu kutoka 20 kwa nyuzi 25 hadi 25 ukitaka ifanye kazi mpaka nyuzi 85. Julai hapa Dodoma asubuhi inashuka hadi nyuzi 14 hivi, na upepo juu. Mchana boksi la bati linalotazama jua linazidi nyuzi 45. Kwa tofauti ya nyuzi 30 chipu ya nne inachelewa kama asilimia 10 zaidi, nanosekunde moja na nusu. Kile kilima cha rezista na kapasita hakijali sana joto. Asubuhi chipu ya nne ni nyepesi, data mpya inawahi kabla mlango haujafungwa. Mchana imezubaa kidogo, na uzito huo ndio unaoiokoa. Ukiona kifaa cha dijitali kinachopona kikipata joto, weka holdi juu ya orodha yako. Setapu hufanya kinyume: huharibika mchana.

Kuthibitisha kabla ya kubomoa

Njia mbili zilinihakikishia. Ya kwanza ni kucheza na umeme. Nilishusha kutoka volti 5 hadi 4.6 kosa likaisha. Nikapandisha hadi 5.3 likazidi. Umeme mkubwa unaifanya chipu iwe nyepesi, wakati kilima kinabaki na umbo lilelile, vizingiti vikipanda pamoja nacho. Kosa la setapu lingefanya kinyume tena. Usivuke volti 6, hapo ndipo mwisho wa chipu hizi.

Ya pili niliipata kwa bahati. Kila nilipoweka probu kwenye QH′ ya chipu ya nne ili nione kosa, kosa lilikimbia. Probu yangu ilikuwa kwenye x1, na probu ya namna hiyo inabeba pikofaradi mia hivi. Inazidisha mzigo wa data, data inachelewa, holdi inapona. Kijana ninayemfundisha alicheka akasema, "Kaka, tuiache hapo hapo na probu yake." Kwa kweli alikuwa ametaja tiba, ila probu ni ghali. Kwa vipimo vya kuaminika tumia x10, ambayo mzigo wake ni mdogo zaidi.

Tiba

Niliing'oa kapasita. Rezista ya ohm 100 nikaiacha. Kilichobaki kwenye waya wa kloki ni pini nane na waya bapa wenyewe, tuseme pikofaradi 150 kwa jumla, hivyo kilima kimeshuka hadi nanosekunde 15. Tofauti ileile ya vizingiti sasa inazaa pishano la nanosekunde 2 tu, dhidi ya 15 za chipu ya nne. Kelele ya friji niliitibu inakotokea, kwa kapasita za nanofaradi 100 kwenye miguu ya umeme ya kila chipu, ambazo kwenye chipu tatu sikuwa nimeziweka.

Kama huwezi kuunyoosha ukingo wa kloki, chelewesha data: rezista ya ohm 470 na kapasita ya pikofaradi 100 kabla ya SER inaongeza nanosekunde 30 hivi, na kwa megahezi 1 una nafasi tele upande wa setapu. Kwenye ubao mpya ninaouchora ninaingiza kloki kwa upande wa mwisho, ikitembea kinyume na data. Chipu inayopokea inasikia kloki kabla ya inayotoa, kwa hiyo urefu wa waya unafanya kazi upande wangu. Hilo halitibu tofauti ya vizingiti kwenye kilima kama kile, kwa hiyo ukingo mkali bado unahitajika.

Dalili ya upande wa pili: mistari ya wima inatoweka, ukipunguza kasi inarudi

Hii nimeikuta mara moja, kwenye ubao mwingine wenye kidhibiti cha volti 3.3. Kloki ilipitia bafa nzuri. Data ilipitia kile kibao kidogo cha kupandisha volti chenye mosfeti na rezista ya kiloohm 10. Mosfeti inavuta data chini kwa nguvu, lakini kupanda kunategemea rezista peke yake katika sehemu ya mwisho. Kwa waya wa pikofaradi 100, kupanda kutoka volti 2 hadi 2.5 tu kunachukua nanosekunde 180. Kloki ilikuwa megahezi 4, nusu mzunguko ni 125.

Sifuri zilifika kwa wakati, moja zilichelewa. Moja iliyo peke yake kati ya sifuri ilipotea. Moja zilizofuatana zilipoteza ya kwanza tu. Kwa macho, herufi I ilifutika, W ikabaki vipande, na mistari ya kulala ikawa mifupi kwa safu moja. Kwa kilohezi 100 kila kitu kilirudi. Tiba ni bafa ya familia ya HCT au AHCT yenye umeme wa volti 5, kwa sababu inaikubali volti 2 kama moja na inasukuma pande zote mbili.

Na kabla hujaita hiyo setapu, pima data ikiwa imetulia. Ukiunganisha volti 3.3 moja kwa moja kwenye chipu ya HC yenye volti 5, hujafika 3.5 inayotakiwa, na hakuna kasi itakayokusaidia kwa uhakika.

Kitufe

Mama aliomba pia kitufe cha kubadilisha tangazo. Kidole hakijui kloki. Siku moja kitabonyezwa katikati ya setapu na holdi, na wale majirani wawili ndani ya lachi wataachwa kwenye volti ya katikati, hakuna aliyeshinda, mpaka kelele ndogo iwasukume upande mmoja. Huwezi kuzuia hilo, unaweza tu kulipa muda lijimalize. Nilipitisha kitufe kwenye 74HC74, chipu yenye flipflopu mbili, nikaziunga mfululizo kwa kloki moja. Ya kwanza ikiduwaa, ina mzunguko mzima wa kuamua kabla ya ya pili kuisoma.

Ubao niliufunga Jumamosi jioni. Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilipita na koti, baridi ikiuma, nikasimama ng'ambo ya barabara nikasoma matangazo yote manne hadi mwisho. Mama hakuwa amefungua bado.